Boriti Hujibu Kwanza Kwenye Egemeo

Daraja la Britannia, lililojengwa na Robert Stephenson kuvusha treni kwenye mlangobahari wa Menai huko Wales, lilifunguliwa mwaka 1850 likiwa na jambo ambalo abiria hawakuliona. Mabomba yake makubwa ya chuma yalikazwa kwenye mnara wa katikati tu. Kwenye minara mingine na kwenye kingo mbili za nchi kavu yalilazwa juu ya rola, yakaachwa huru kusogea. Kutoka mnara wa katikati hadi ukingoni ni takriban mita 230, na chuma cha urefu huo kikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kama sentimita tano na nusu. Lingekazwa pande zote, daraja lingeisukuma minara yake lenyewe.

Mpango huo wa kukaza mahali pamoja na kuachia pengine ndio unaotumika mpaka leo kwenye boriti nyingi za kawaida. Upande mmja huwekwa pini: boriti inaweza kuzunguka kidogo pale, lakini haiwezi kupanda, kushuka wala kuteleza. Upande wa pili huwekwa rola, inayoizuia boriti isishuke huku ikiiacha isogee kwa urefu wake. Kila kinachozuiwa hudai nguvu ya kukizuia, na nguvu hiyo ndiyo mjibizo wa egemeo. Kwa hiyo pini ina mijibizo miwili, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, nayo rola ina mmoja tu, ulio mraba na uso inaoukanyaga. Jumla ni mitatu. Boriti iliyotulia nayo hutoa milinganyo mitatu: nguvu za wima zifutane, za mlalo zifutane, na mielekeo ya kuizungusha, yaani momenti, ifutane pia. Mitatu kwa mitatu, hesabu inafungika.

Mzigo ukiwa wa kuning'inia wima, kazi ni ya dakika mbili. Mambo hubadilika unapokuja wa mshazari.

Chukua boriti ya ghala yenye urefu wa mita 8. Kushoto kuna pini, iitwe A, na kulia kuna rola juu ya bamba la usawa, iitwe B. Boriti inabeba sakafu ya mbao na magunia, uzito uliotandazwa sawasawa wa kilonyutoni 3 kwa kila mita. Mita 6 kutoka A imefungwa waya wa winchi iliyo chini upande wa kulia. Winchi inavuta kwa kilonyutoni 20, na waya umeinama kiasi kwamba kwa kila hatua 3 za kwenda kulia unashuka hatua 4.

Kazi ya kwanza ni ya penseli. Boriti inachorwa peke yake, bila ukuta, bila bamba na bila winchi, na kila kilichoondolewa kinaachiwa mshale mahali pake. A inapata mishale miwili na B mmoja wa kwenda juu. Mwelekeo wa mshale usiojulikana unakisiwa tu. Jibu likitoka hasi, maana yake nguvu inaelekea upande wa pili, na hesabu haijaharibika.

Waya unafuata. Pembetatu ya 3 na 4 ina mshazari wa 5, kwa hiyo kilonyutoni 20 zinapasuka kuwa 16 za kwenda chini na 12 za kwenda kulia. Mfaransa Pierre Varignon alionyesha katika karne ya 17 kwamba momenti ya nguvu nzima ni sawa na jumla ya momenti za vipande vyake, na hapo ndipo faida ilipo. Badala ya kutafuta umbali wa mraba kutoka A hadi kwenye mstari wa waya, unatumia mita 6 zilizo wazi kwenye mchoro kwa kile kipande cha wima. Kipande cha mlalo, kama waya umefungwa kwenye mstari wa katikati wa boriti, kinapita A yenyewe, basi hakizungushi chochote.

Sakafu nayo hugeuzwa, kwa muda, kuwa mzigo mmoja: 3 mara 8 ni kilonyutoni 24, zikikaa katikati, mita 4 kutoka A.

Sasa swali ni momenti zihesabiwe kuzunguka wapi. Fundi wa hesabu hizi huchagua A bila kusita, kwa sababu mijibizo miwili ya pini inapita hapo na yote miwili inatoweka kwenye mlinganyo. Anabaki na kisichojulikana kimoja. Sakafu inazungusha kwa 24 mara 4, yaani 96. Waya unazungusha kwa 16 mara 6, nao ni 96. Jumla ni 192, na B iliyo umbali wa mita 8 lazima iirudishe yote: 192 kugawa kwa 8 ni kilonyutoni 24.

Yaliyobaki ni kujumlisha na kutoa. Mizigo ya wima ni 24 na 16, jumla 40. B imechukua 24, A inachukua 16. Kwa upande wa mlalo, waya unavuta kulia kwa 12 na rola ya bamba la usawa haina uwezo wa kuzuia, kwa hiyo A peke yake inavuta kushoto kwa 12. Ukiunganisha 16 na 12 za A unapata kilonyutoni 20, na hiyo ndiyo nguvu ambayo bolti za pini zinaihisi. Aliyezichagua kwa kutazama 16 za wima tu amezipa bolti kazi ambayo hakuihesabu.

Desturi nzuri ni kuhakiki kwa kuzunguka B. Sakafu iko mita 4 kutoka B na waya mita 2, kwa hiyo 96 na 32 zinatoa 128. A ikizungusha kwa 16 mara 8 inatoa 128 vilevile. Imekubali. Lakini hakiki hii ina upofu ambao haufundishwi vya kutosha. Tuseme mtu amevibadilisha vipande vya waya, akaweka 12 kwa wima na 16 kwa mlalo. Atapata B ni 21 na A ni 15, na akizunguka B atapata 120 kwa 120, safi kabisa. Hata aliyesahau kuupasua waya na kuuweka wote 20 kama mzigo wa wima atapata 27 na 17, na hakiki yake itapita bila kelele. Kuzunguka nukta nyingine kunakamata makosa ya kujumlisha na ya umbali uliosomwa vibaya mara moja. Mzigo ulioingizwa vibaya tangu mwanzo unabaki vibaya kila unapozungukia. Dawa yake ni jicho: waya unaoshuka zaidi ya unavyokwenda pembeni lazima kipande chake cha wima kiwe kikubwa kuliko cha mlalo.

Kosa jingine hujificha kwenye mahali pa kufungia. Mara nyingi waya haufungwi katikati ya kimo cha boriti bali kwenye sikio la chuma lililochomelewa chini yake. Sikio likiwa nusu mita chini ya mstari unaopita A na B, zile 12 za mlalo hazipiti tena A. Zinazungusha kwa 12 mara nusu, yaani 6, na kwa mfano huu zinaipunguzia B mzigo. B inashuka hadi 23.25 na A inapanda hadi 16.75. Tofauti ni ndogo hapa. Kwa sikio refu na waya uliolala zaidi si ndogo tena.

Badiliko kubwa hutokea bamba la rola lisipokuwa la usawa. Tuseme B imekaa kwenye uso unaopanda kuelekea kulia, hatua 3 juu kwa kila hatua 4 za mlalo, na inagusa kwenye usawa uleule wa A. Mjibizo wa B ulio mraba na uso huo unainama kushoto. Momenti kuzunguka A bado zinadai kipande cha wima cha 24, lakini sasa hakiji peke yake: kinafuatana na 18 za mlalo za kwenda kushoto, na mjibizo mzima ni kilonyutoni 30. Waya ulikuwa unavuta kulia kwa 12 tu. Kwa hiyo pini iliyokuwa inavuta kushoto kwa 12 sasa inalazimika kusukuma kulia kwa 6. Mzigo ni uleule, boriti ni ileile, ila mshale wa A umegeuka kwa sababu ya kipande cha bamba upande wa pili wa ghala.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini mijibizo hutangulia hesabu yoyote ya ndani ya boriti. Nguvu za ndani hupatikana kwa kuikata boriti mahali fulani kwa mawazo na kujumlisha kila kilicho upande mmoja wa mkato, na kitu cha kwanza kinachokutwa ukitoka kushoto ni mjibizo wa A. Bamba likiwa la usawa, mita 6 za kwanza zinavutwa kwa kilonyutoni 12 na mita 2 za mwisho hazina mvuto wala mkandamizo. Bamba likiinama, mita 6 zilezile zinakandamizwa kwa 6 na mbili za mwisho kwa 18. Boriti nyembamba inaweza kustahimili mvuto vizuri kisha ikajipinda pembeni ikikandamizwa, kwa hiyo alama ya hasi kwenye A si jambo la karatasi tu.

Inabaki tahadhari moja wakati wa kuvuka kutoka kwenye mijibizo kuingia ndani. Ule mzigo mmoja wa 24 uliowekwa katikati ulikuwa wa kutafutia mijibizo tu, na lazima urudishwe kuwa sakafu iliyotandazwa. Aliyeusahau pale na kukata boriti katikati atapata momenti ya kupinda ya 16 mara 4, yaani kilonyutoni-mita 64. Sakafu ikirudishwa mahali pake, nusu yake iliyo kushoto ina 12 zilizokaa mita 2 kutoka kwenye mkato, zinapunguza 24, na momenti ya kweli ni 40. Uthibitisho ni kukata mahali penye waya na kuhesabu kutoka pande zote mbili: kushoto, 16 mara 6 kutoa 18 mara 3 ni 42, kulia, 24 mara 2 kutoa 6 mara 1 ni 42 pia.