Ajali ya Bukoba na hesabu iliyozidi watu wawili

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba. Muda si mrefu picha za mkia wake ukichomoza juu ya maji zilikuwa zimejaa kwenye simu za watu. Kila mwandishi alitaka kusema kitu, na wasomaji walikuwa na kiu ya kujua.

Mapema siku hiyo, viongozi wa mkoa wa Kagera walisema ndege ilikuwa na watu 43 na kwamba 26 kati yao wameokolewa. Baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kuwa waliofariki ni 19. Mwandishi aliyechukua kalamu akajumlisha aliona tatizo papo hapo: 26 na 19 ni 45. Watu wawili wamezidi.

Hapo njia ziligawanyika. Aliyekimbilia kuandika kwamba serikali inaficha jambo, au kwamba ndege ilibeba abiria wasioandikishwa, alikuwa amegeuza pengo la hesabu kuwa tuhuma. Aliyeamua kuchagua tarakimu moja na kuinyamazia nyingine naye hakumsaidia msomaji. Mwandishi makini aliziweka zote mbili, kila moja na msemaji wake na wakati iliposemwa, kisha akaeleza kwa nini huenda hazilingani. Siku ya ajali, wanaopelekwa hospitali si lazima wote wawe walikuwa ndani ya ndege, kwa kuwa hata waokoaji huumia. Mtu mmoja anaweza pia kuhesabiwa ufukweni na kuhesabiwa tena hospitalini. Hesabu ya kuaminika huanzia kwenye orodha ya abiria, na anayo shirika la ndege. Precision Air ilisema ndege ilibeba abiria 39 na wahudumu wanne, na walionusurika ni 24. Ukijumlisha na waliofariki 19 unapata 43.

Picha nazo zina hesabu yake. Ndege iliyoanguka ni aina ya ATR 42, ambayo mabawa yake yamekaa juu ya kiwiliwili na injini zake zinazungusha mapangaboi. Video inayoonyesha ndege yenye mabawa ya chini na injini za jeti haiwezi kuwa ya Bukoba, hata kama imesambazwa na mtu unayemwamini. Alama ya usajili iliyoandikwa ubavuni nayo husaidia: ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y. Alama ikiwa haisomeki, mwandishi hukata fremu moja ya video na kuitafuta mtandaoni kwa picha badala ya maneno. Ikionekana iliwekwa miaka miwili kabla ya ajali, mjadala umekwisha.

Swali gumu zaidi lilikuwa chanzo cha ajali. Polisi walizungumzia mvua na hali mbaya ya hewa, na wengi wakaandika kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoangusha ndege. Lakini maelezo ya polisi yalihusu mazingira ya tukio, na bado hayakuwa matokeo ya uchunguzi. Sentensi salama ilikuwa fupi: polisi wanasema kulikuwa na hali mbaya ya hewa wakati ndege ikikaribia kutua, uchunguzi haujatoa chanzo.

Je, baada ya hapo hakuna la kuongeza? Lipo, na ndilo lililokosekana kwenye vikundi vya simu. Utaratibu wa uchunguzi unajulikana hata kabla ya ajali kutokea. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, nchi ambako ajali imetokea ndiyo huongoza uchunguzi, na nchi ilikoundwa ndege ina haki ya kutuma mwakilishi. Taarifa ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Msomaji akiyajua hayo anaelewa kwa nini siku ya pili hakuna mwenye jibu, na anajua adai nini na lini.

Tarakimu zikibadilika, andiko hurekebishwa hadharani. Kufuta 26 na kuweka 24 kimyakimya humwacha aliyesoma asubuhi akiendelea kusambaza idadi ya zamani. Mstari mmoja juu ya andiko unatosha, ukitaja saa ya marekebisho, idadi iliyokuwepo, idadi mpya na aliyeitoa. Kisha mwandishi anaweka kwenye kalenda tarehe ya taarifa ya awali, ili aandike tena wakati watu wengi watakuwa wameshahamia habari nyingine.