Kutoka Utosini hadi Wayoni: Msamiati wa Mwili kwa Darasa la Huduma ya Kwanza

Wanafunzi wetu hujifunza majina ya viungo vya mwili katika wiki za mwanzo: kichwa, jicho, mkono, tumbo, mguu. Majina hayo yanatosha kwa wimbo wa darasani, lakini hayamtoshi anayetaka kumwambia muuguzi ni wapi hasa jirani yake ameumia. Katika makala haya tunapanga msamiati huo kutoka juu kwenda chini, na kila sehemu tunaiambatanisha na majeraha yake ya kawaida. Tunawalenga hasa wenzetu wanaofundisha hapa Uganda.

Kabla ya orodha, tuanze na sentensi. Mwanafunzi anayesema *nauma kichwa* amesema kwamba anang'ata kichwa. Kiswahili sanifu kinataka *kichwa kinaniuma* au *naumwa kichwa*. Msemaji wa Luganda ana msaada nyumbani kwake, kwani *omutwe gunnuma* imejengwa vivyo hivyo: kichwa ndicho kinachouma, na mtu ndiye anayeumwa.

Kwa majeraha mpangilio hubadilika. Mtu huwa kiima, kisha kiungo hufuata bila kimilikishi: *amevunjika mguu*, *ameungua kiganja*, *amechubuka goti*. Tukifundisha muundo huu mmoja tangu mwanzo, kila jina jipya litapata mahali pa kukaa.

Kichwa na shingo

Utosi, kisogo, paji la uso, panja, jicho, sikio, pua, shavu, mdomo, jino, ufizi, taya, kidevu, shingo, koo.

Tutenganishe *shingo* na *koo*. Shingo hubeba kichwa. Koo ni njia ya ndani. Aliyeanguka na kuumia shingo haondolewi alipo pasipo hatari inayolazimisha, wala kichwa chake hakigeuzwi. Aliyekwamwa na chakula kooni, asiyeweza kukohoa wala kusema, anahitaji kusaidiwa papo hapo: apigwe kwa kiganja mgongoni, katikati ya mabega.

*Kutoka damu puani* ni somo zuri la vitenzi vya kuamuru: *kaa, inama mbele, bana pua, pumua kwa mdomo*. Sehemu inayobanwa ni ile laini iliyo chini ya mfupa, kwa muda wa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Wengi wamezoea kumwambia mgonjwa ainue kichwa nyuma. Akifanya hivyo damu huteremka kooni naye huimeza.

*Amepasuka kichwa* kwa kawaida humaanisha ngozi ya kichwa imechanika na inatoka damu. Msikilizaji mwingine anaweza kudhani ni mfupa. Kwa hiyo tunamfundisha mwanafunzi aongeze: *ana jeraha kisogoni; hajapoteza fahamu*, au *amezirai*.

Bega na mkono

Bega, mtulinga, kwapa, kiwiko, kigasha, kifundo cha mkono, kiganja, kidole, ukucha.

Hapa ndipo jina moja linapobeba mengi. *Mkono* huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, na *mguu* pia huanzia kwenye nyonga hadi vidoleni. Luganda hutenga *okugulu* na *ekigere*, hivyo mwanafunzi huuliza ekigere kwa Kiswahili ni nini. Mara nyingi jibu ni *mguu* vilevile. Kwa upande wa chini unaokanyaga ardhi kuna *wayo*.

Tuchukue mfano. Abiria wa bodaboda ameanguka, akajikinga kwa mkono. Mwanafunzi anapiga simu na kusema, *Ameumia mkono*. Muuguzi hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Tunamwongoza kwa maswali manne. Mkono upi? *Wa kulia*, yaani kulia kwa mgonjwa, si kwa anayemtazama. Wapi? *Kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo.* Kumetokea nini? *Umevimba na umepinda, ngozi haikupasuka.* Vidole vikoje? *Vina joto, anaweza kuvichezesha.* Swali la mwisho linaonyesha kama damu inafika mbele ya jeraha. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, safari ya hospitali haingoji.

Baada ya hapo huja maagizo: *usiunyoshe mkono; utegemeze ulivyo; ufunge kwa kitambaa kinachoning'inia shingoni*. Kama kifungio kigumu kinawekwa, kishike kiungo kilicho juu ya palipovunjika na kilicho chini yake, hapa kiwiko na kifundo. Mwanafunzi asiyejua majina hayo mawili hawezi kufuata agizo hilo.

Katika vidole tuangalie kauli za kitenzi. *Amejikata kidole* ni jeraha la kisu jikoni. *Amekatika kidole* huweza kueleweka kwamba kidole kimetengana na mkono. La kwanza huhitaji kuoshwa kwa maji safi, kukandamizwa na kufungwa. La pili ni dharura.

Kiwiliwili

Kifua, ubavu, mgongo, uti wa mgongo, tumbo, kitovu, kiuno, nyonga, kinena.

*Tumbo linamuuma* halitoshi. Tumwulize mwanafunzi: juu ya kitovu au chini, upande gani? Aliyeanguka kutoka juu ya mti na kusema *sihisi miguu* amezungumzia miguu, lakini jeraha huenda liko kwenye uti wa mgongo. Wanafunzi watofautishe *panapouma* na *palipoumia*.

Mguu

Paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo cha mguu, kisigino, wayo, kidole cha mguu.

Neno linalosumbua hapa ni *kuteguka*. Wapo wanaolitumia kwa kiungo kilichotoka mahali pake, na wapo wanaolitumia kwa kano zilizovutika huku mifupa ikibaki ilipo. Kamusi haitatuamulia kando ya uwanja wa mpira. Tunashauri mwanafunzi aeleze anachokiona: *kifundo kimevimba lakini umbo ni lile lile*, au *kiungo kimepinda, hakifanani na cha upande wa pili*. Kwa lolote kati ya hayo asivute kukirudisha, wala asichue kwa mafuta, maana kumchua mtu aliyevunjika humzidishia madhara. Kifundo kilichovimba huwekewa barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa muda usiozidi dakika 20, kisha mguu huinuliwa. Asiyeweza kukanyaga hatua chache apelekwe akapigwe picha ya mifupa.

*Kuungua* twaweza kukufundisha hapa, kwani maji ya moto humwagikia mapaja na nyayo mara kwa mara. Agizo ni moja: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na unga havipakwi.

Darasani tunapendekeza zoezi la watu watatu. Mmoja ni mgonjwa, anashika kadi yenye jeraha lake na haruhusiwi kuonyesha kwa kidole. Wa pili anauliza na kuripoti kwa simu. Wa tatu amewapa mgongo, naye huchora alama kwenye picha ya mwili kufuatana na anachosikia. Mwishoni kadi na picha hulinganishwa. Alama ikiwa begani wakati jeraha lilikuwa kwenye kifundo, warudie ripoti hadi ipatikane sentensi iliyopeleka alama mahali pasipofaa, kisha waisahihishe.