Mistari minne kabla ya kupanda jukwaani

Mwenyekiti wa kikao kwenye kongamano huwa na dakika moja ya kumtambulisha msemaji, na mara nyingi husoma wasifu neno kwa neno. Kosa la mwanafunzi wa uzamivu linasikika hapo ukumbi mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anachunguza kilimo cha mwani Paje, Unguja, kazi inayofanywa zaidi na wanawake na inayoteswa na maji ya moto na bei ndogo. Ameandika: "Daktari mtarajiwa na mtaalamu wa uchumi wa bahari, ambaye utafiti wake umethibitisha kwamba joto la bahari linawatoa wanawake shambani."

Sasa asome mwenyekiti hivi: "Ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa tatu. Anauliza kwa nini baadhi ya wakulima wa mwani wa Paje wanaacha kazi na wengine wanaendelea, ilhali wanalima ufuko mmoja. Amewahoji wakulima 31 na kupima joto la maji mashambani kwao kwa misimu miwili. Katika mahojiano 18 yaliyokwisha kuchambuliwa, wengi wa walioacha wanataja bei kabla ya joto. Vipimo vya maji bado vinachambuliwa."

Swali limekuja likiwa swali, nalo linaruhusu jibu lolote. Wasifu wa kwanza ulikuwa na jibu tu, tena jibu ambalo mahojiano yenyewe hayaliungi mkono. Tofauti ya 31 na 18 nayo ina kazi. Angeandika "mahojiano 31 yanaonyesha", msikilizaji angeamini kwamba yote yamesomwa, na swali la kwanza kutoka ukumbini lingembana. Hata neno "wanataja" limechaguliwa kwa makini: mkulima kutaja bei si ushahidi kwamba bei ndiyo iliyomtoa shambani. "Umethibitisha" lisubiri hadi vipimo vilinganishwe na mahojiano.

Kuhusu hadhi, vyuo vingi humwita mtu mtahiniwa wa uzamivu baada tu ya kulitetea pendekezo lake la utafiti. Kabla ya hapo ni mwanafunzi. Aliyekwisha kutetea tasnifu huenda bado ana masahihisho ya kufanya na idhini ya seneti ya kusubiri, kwa hiyo "Dkt." haijawa yake. Kwetu Tanzania kishawishi ni kikubwa, kwa kuwa wengi wanaosoma uzamivu ni wahadhiri wasaidizi ambao huenda baadhi ya wanafunzi wao huwaita daktari. Aandike cheo chake cha kazi kama kilivyo, Mhadhiri Msaidizi. Ni cheo halali na kinajitosheleza.

Wasifu hutumwa miezi kadhaa kabla ya kongamano. Mahojiano 13 yaliyobaki yakichambuliwa katikati na kuleta picha nyingine, amwandikie mratibu abadilishe mstari wa matokeo. Kijitabu kikiwa kimeshachapwa, ampe mwenyekiti karatasi yenye maneno mapya kabla kikao hakijaanza.