Bomba Likibanwa, Presha Huenda Wapi?

Muulize yeyote aliyewahi kushika mpira wa maji: maji yakitoka kwenye bomba nene na kuingia jembamba, presha ni kubwa wapi? Wengi watajibu bila kusita kwamba ni kwenye jembamba, maana huko maji yamebanwa. Jibu hilo lina sura ya akili. Lakini funga geji mbili kwenye bomba moja lililolala sawa na ardhi, moja penye unene na nyingine penye wembamba, kisha fungulia maji. Geji ya penye wembamba ndiyo itakayosoma chini.

Sababu yake haina uchawi wowote. Maji hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo kiasi kinachoingia upande mmja wa bomba kwa sekunde moja lazima kitoke upande wa pili kwa sekunde hiyohiyo. Njia ikiwa finyu, maji hayana budi kwenda mbio zaidi ili yote yapite. Na kitu hakiongezi mwendo mpaka kisukumwe. Tone la maji linaloingia penye wembamba limezungukwa na maji mengine tu, basi wa kulisukuma ni nani? Ni presha iliyo nyuma yake, ambayo ni kubwa kuliko iliyo mbele yake. Kama presha ya mbele ingekuwa kubwa zaidi, tone lingepunguza mwendo badala ya kuongeza. Tofauti hiyo ya presha ndiyo iliyozaa kasi, ingawa vitabu vingi husimulia kinyume chake, kana kwamba kasi ndiyo inayoifukuza presha.

Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Basel aliyesomea pia utabibu, alilichapisha wazo hili mwaka 1738 katika kitabu chake Hydrodynamica. Baba yake, Johann, naye alitoa kitabu kuhusu maji na kukiandika tarehe ya nyuma ili aonekane ametangulia. Aliyeiweka kanuni katika umbo tunalolitumia leo ni Leonhard Euler, rafiki wa Daniel. Inaandikwa hivi:

p/ρg + v²/2g + h = H

Herufi zisikutishe. Upande wa kushoto kuna mafungu matatu, yaani presha, kasi na kimo, na yote yamepimwa kwa mita. Mtu anaweza kushangaa presha kupimwa kwa mita, lakini mafundi hufanya hivyo kila siku: mita 10 za maji yaliyosimama huleta presha ya takribani baa 1 chini yake. Kasi nayo hugeuzwa mita kwa kuizidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha kugawa kwa 19.62, ambayo ni mara mbili ya 9.81 ya mvutano wa dunia. Ni kama mtu mwenye pesa zake katika mifuko mitatu: anaweza kuhamisha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, ila jumla, ile H, haibadiliki mpaka mtu wa nje aongeze au apunguze.

Tuchukue jengo moja tulihesabie. Tangi lake liko mlimani, na uso wa maji ndani ya tangi uko mita 20 juu ya uwanja wa jengo. Pale juu maji yametulia na yako wazi kwa hewa, kwa hiyo kasi ni sifuri na geji isingesoma kitu. Mali yote iko katika kimo: mita 20.

Maji yanashuka hadi uwanjani kwa bomba la kipenyo cha milimita 50, yakipita kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Hiyo ni karibu lita 2 kila sekunde, yaani ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 10. Hapa kimo kimekuwa sifuri. Kasi ya mita 1 kwa sekunde, ukiigeuza, ni sentimita 5 tu. Zinazobaki, mita 19.95, ni presha, karibu baa 2.

Sasa bomba linapanda hadi ghorofa ya pili, mita 6 juu ya uwanja, na huko linakuwa la milimita 25. Kipenyo kimepungua nusu, lakini nafasi ya kupita imebaki robo, kwa sababu eneo la duara hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kwa hiyo kasi inakuwa mara nne: mita 4 kwa sekunde. Kimo kimechukua mita 6. Kasi imechukua 16 kugawa kwa 19.62, yaani sentimita 82. Toa zote mbili kwenye 20 na presha inabaki mita 13.18, au baa 1.3.

Angalia nani amekula zaidi. Kimo kimekula mita 6 nzima, na kasi, pamoja na bomba kubanwa mpaka robo, haikufikisha hata mita moja. Katika nyumba za kawaida ndivyo ilivyo. Kupanda ngazi ni ghali kwa maji. Kukimbia ni rahisi, mradi yasikimbie sana. Ukiibana njia zaidi ili kasi ifike mita 12 kwa sekunde, bei yake inapanda hadi mita 7.3. Kasi imekua mara tatu, gharama imekua mara tisa.

Hadi hapa hesabu imetoka safi, na fundi yeyote wa kweli ataanza kutikisa kichwa. Jengo lile, akifunga geji ghorofani na kufungulia maji, hatasoma baa 1.3. Atasoma kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Kanuni ya Bernoulli haihesabu msuguano, na bomba jembamba lenye maji yanayokimbia lina msuguano mkubwa. Katika bomba laini la milimita 25, kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, kila mita moja ya urefu wa bomba hula takribani sentimita 60 za maji. Kama sehemu nyembamba ina urefu wa mita 10, mita 6 zimepotea njiani, sawa na kupanda ghorofa mbili nyingine ambazo hazipo. Presha inayobaki ni mita 7 na kitu. Mita hizo 6 hazikuhamia mfuko wowote kati ya ile mitatu. Zimegeuka joto dogo lisilopimika kwa mkono. Ndiyo maana mafundi wengi hupenda kasi ndani ya bomba la nyumba ibaki chini ya mita 2 hivi kwa sekunde, licha ya kelele zinazopungua.

Msuguano ndio pia unaoeleza kidole gumba kwenye mpira wa maji, jambo ambalo limewapotosha watu wengi wakaamini kwamba kubana huongeza presha. Chukua mpira wa kipenyo cha milimita 15 na urefu wa mita 30, uunganishe uwanjani kwenye lile bomba la mita 20. Ukiuacha wazi, maji hutoka kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo ni nusu mita tu ya maji. Mita 19 na zaidi zimeliwa na msuguano ndani ya mpira. Sasa ziba mdomo kwa kidole mpaka maji yanayopita yabaki nusu. Msuguano nao hufuata kasi iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo unashuka hadi robo, mita 5 hivi. Zile mita 15 zilizookolewa zinafika nyuma ya kidole chako zikiwa presha, na papo hapo zinageuka kasi kwenye upenyo mwembamba: mita 17 kwa sekunde. Maji yanaruka hadi mwisho wa bustani. Lakini weka ndoo chini ya mpira na utaona kwamba kwa kidole inachukua muda mara mbili kujaa. Na pale penyewe yanapotoka, presha ya maji ni ileile ya hewa ya nje.

Upande wa hatari wa hesabu hii unaonekana presha inapoisha kabisa. Tuseme wapangaji wa chini wamefungulia mabomba yote kwa pamoja, maji yakakimbia sana kutoka mlimani, na msuguano ukala mita 15 kabla maji hayajafika jengoni. Jumla iliyobaki ni mita 5. Ghorofa ya pili iko mita 6. Kimo hakikopeshi, kwa hiyo presha ya bomba la juu inashuka mita 1 chini ya presha ya hewa. Mpangaji wa juu akifungua koki yake husikia mluzi, na akiweka kiganja mdomoni mwa bomba anahisi linavuta. Wakazi wa majengo mengi wanaujua mluzi huo, na wengi hudhani ni hewa tu inatoka. Mara nyingi inaingia. Penye ufa wa bomba lililopita kwenye udongo wenye maji machafu, au penye mpira ulioachwa ndani ya beseni la nguo, kinachoingia si hewa peke yake, na maji yakirudi kilichoingia huenda nayo kwa watumiaji. Kwa hiyo usiache mdomo wa mpira umezama ndani ya maji koki ikiwa wazi.

Kanuni yenyewe ina mipaka ya kukumbuka. Inafaa kwa mtiririko uliotulia, si pale koki inapofungwa ghafla na bomba likagonga. Na pampu ikiwa katikati ya njia, jumla ya kabla yake na ya baada yake si moja, kwa sababu pampu ndiyo yule mtu wa nje anayetia pesa mfukoni.

Basi kama maji ya ghorofani kwako ni hafifu, usikimbilie kununua pampu kubwa. Funga geji juu, funga koki zote za jengo, usome. Hapo maji yamesimama. Hakuna kasi wala msuguano, na geji inaonyesha kimo peke yake. Katika jengo letu ingesoma mita 14, yaani baa 1.4. Kisha fungulia maji usome tena. Ikiwa namba ya kwanza nayo ni ndogo, kimo ndicho kinachokushinda, na dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu. Ikiwa ya kwanza ni nzuri na ya pili imeporomoka, tatizo ni msuguano: bomba ni jembamba, lina kutu, au kuna koki iliyofunguliwa nusu mahali fulani. Kwa kiasi kilekile cha maji, kubadilisha zile mita 10 kutoka kipenyo cha milimita 25 hadi 32 kungepunguza mita 6 za msuguano zibaki chini ya 2, bila pampu na bila umeme.