Zamu mpya, saa mpya: jinsi ya kusoma waraka wa msimamizi

Karatasi moja ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa kiwanda, maisha ya familia nyingi hubadilika. Watu huangalia kwanza jina la timu yao, kisha saa ya kuingia, halafu wanaondoka. Mengi ya maana yamo kwenye mistari wanayoiruka.

Chukua mfano wa kiwanda cha mikate kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, chenye timu tatu zinazopokezana kwa saa 24, siku 6 kwa wiki. Zamu zake zilikuwa zikibadilishana saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Wanaotoka saa 5 usiku walikuwa wanapata shida ya daladala, hasa wanaoishi mbali kama Chanika, hivyo msimamizi akaamua kurudisha kila zamu nyuma kwa saa moja. Jedwali la waraka wake liko hivi:

| Timu | Kuingia | Mapumziko | Kutoka |
|---|---|---|---|
| A (asubuhi) | saa 12 asubuhi (06:00) | saa 4 hadi 5 asubuhi (10:00–11:00) | saa 8 mchana (14:00) |
| B (mchana) | saa 8 mchana (14:00) | saa 12 jioni hadi 1 usiku (18:00–19:00) | saa 4 usiku (22:00) |
| C (usiku) | saa 4 usiku (22:00) | saa 8 hadi 9 usiku (02:00–03:00) | saa 12 asubuhi, siku inayofuata (06:00) |

Chini ya jedwali imeandikwa kwamba saa mpya zinaanza Jumatatu, na kwamba kila Jumatatu timu zinazunguka: wa asubuhi wanakwenda mchana, wa mchana wanakwenda usiku, wa usiku wanarudi asubuhi.

Msimamizi huyu amefanya vizuri kuandika saa kwa namna mbili. Angeandika "8:00" peke yake, mmoja angesoma saa nane mchana, na mwingine, ambaye simu yake inaonyesha 08:00 asubuhi, angefika saa sita kabla ya zamu yake. Tarehe ya zamu ya usiku nayo ina mtego wake. Kwa wengi wa pwani, usiku wa Jumatatu ni ule wa kuamkia Jumatatu, yaani Jumapili jioni kwa kalenda ya ofisini. Njia salama ni kutaja siku zote mbili: "kuanzia Jumatatu saa 4 usiku hadi Jumanne saa 12 asubuhi."

Sasa tuupime waraka wenyewe kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anapaswa kupata mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia isipokuwa kama amemtaka mfanyakazi aendelee na kazi au awe tayari kuitwa. Hapa kila zamu ina saa 7 za kazi na saa 1 ya mapumziko. Kwa siku 6 hizo ni saa 42, kwa hiyo jedwali linapita.

Hatari iko kwenye wiki ya mpito, na jedwali lenyewe haliionyeshi. Sheria inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu, na angalau saa 24 kati ya wiki ya kazi na inayofuata. Timu C wanamaliza zamu yao ya mwisho ya utaratibu wa zamani Jumapili saa 1 asubuhi. Kwa mzunguko, Jumatatu wanaingia asubuhi, na kwa saa mpya ni saa 12. Hesabu inatoa saa 23. Katika utaratibu wa zamani zilikuwa 24 kamili, na kuanzia wiki zinazofuata zitakuwa tena 24; pengo hilo liko mara moja tu, siku ile saa zinapobadilika. Ndiyo maana wengi hawalioni. Ni saa moja kwa watu waliotoka kukesha siku 6, na dawa yake ni sentensi moja kwenye waraka: Jumatatu ya kwanza pekee, timu inayotoka usiku itaingia saa 1 asubuhi.

Jambo la pili ni pesa. Kwa sheria hiyo, usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa iliyofanywa kazi ndani ya muda huo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Waraka ukisogeza zamu, unasogeza pia posho. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 273,000 kwa mwezi. Ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa saa 42, utapata karibu shilingi 1,500 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 75. Zamani zamu ya mchana ilikuwa na saa 3 za usiku. Sasa ina 2. Zamu ya usiku ilikuwa na 6 ukitoa mapumziko. Sasa ina 7. Kwa wiki, mmoja anapungukiwa shilingi 450 na mwingine anaongezewa 450.

Kwa kuwa timu zinazunguka, kila mtu anapoteza wiki moja na kurudishiwa wiki nyingine. Lakini kama timu zingekuwa za kudumu, wa mchana wangepunguziwa kila wiki bila waraka kutaja shilingi hata moja. Anayesoma tangazo la namna hii aangalie kwanza kama kuna mzunguko.

Wapo pia wasiopaswa kuwekwa zamu ya usiku. Mjamzito haruhusiwi katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, au mapema zaidi akileta cheti cha daktari. Wenye umri chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa. Hata saa 2 za mwisho za timu B zinahesabiwa, jambo ambalo wasimamizi husahau kwa sababu zamu hiyo inaitwa ya mchana.

Mwisho ni kukabidhiana zamu. Mara nyingi maneno "kila mmoja afike dakika 15 kabla" huongezwa kwa kalamu baada ya waraka kuchapwa. Ikiwa dakika hizo ni za kupokea mashine na kuhesabu mzigo, ni kazi. Kwa siku 6 zinafika saa moja na nusu, na 42 zinakuwa 43.5. Bado ziko chini ya 45, lakini lazima ziingie kwenye daftari la mahudhurio na kwenye malipo.

Ubao wa matangazo hautoshi peke yake. Saa za kazi ni sehemu ya maelezo ya ajira ambayo mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi kwa maandishi, na zinapobadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha maelezo hayo na kumjulisha kwa maandishi. Msimamizi wa kiwanda chetu angefanya vyema kuwaita wawakilishi wa timu tatu kabla ya kuchapa. Mtu wa timu C angeliona lile pengo la Jumapili haraka kuliko yeyote. Yakishindikana kazini, hata kupitia tawi la chama cha wafanyakazi, shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60, na nakala ya waraka pamoja na hati za mshahara za kabla na baada ya mabadiliko ndizo karatasi za kwenda nazo.