Saruji Ileile, Jina Tofauti

Chukua mifuko minne ya saruji kutoka viwanda vinne, yote ya daraja moja, uimwage kwenye karatasi nne bila kuandika chochote, kisha mwite fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini akutajie ipi ni ya nani. Hataweza. Atashika, atasugua kwa vidole, labda ataona hii ina weusi kidogo kuliko ile, lakini rangi hiyo hutokana na aina ya mawe yaliyosagwa, wala haimwambii chochote kuhusu ubora. Mpeleke fundi huyohuyo dukani, hata hivyo, na atataja jina bila kusita. Muuza duka akimwambia limekwisha, atauliza linaingia lini.

Kusita huko ndiko mwenye kiwanda anakokutafuta, na hakukupatikani kwa kuchora nembo nzuri peke yake. Mnunuzi wa saruji hununua kitu asichoweza kukikagua siku anapolipa. Majibu anayapata baada ya wiki kadhaa, zege likiwa limekwisha kushika na pesa zimekwisha kutoka. Chapa hujengwa ndani ya pengo hilo, kati ya kulipa na kujua.

Tanzania ilipita njia yake, na ni njia ya kupendeza. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, saruji yake ni Twiga. Ya Tanga ni Simba, ya Mbeya ni Tembo, ya Kimbiji ni Nyati, na ngamia naye yumo. Katika biashara ambayo fundi humtuma kijana dukani, mnyama ana kazi kubwa: hutamkika kwa urahisi, huonekana kwa mbali kwenye rundo la mifuko, na hata asiyesoma hakosei. Lakini kila kiwanda kikishakuwa na mnyama, mnyama hawi tena sababu ya kumchagua huyu na kumwacha yule. Anasaidia kukumbuka tu. Cha kukumbuka lazima kitoke kwingine.

Njia ya kwanza ambayo viwanda hukimbilia ni namba. Mfuko huandikwa 32.5 au 42.5, na maana yake ni kwamba kipande cha majaribio kilichotengenezwa maabara kwa saruji hiyo kinapaswa, baada ya siku 28, kustahimili walau nyutoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita ya mraba. Herufi inayofuata nayo ina neno: R hupata nguvu mapema katika siku za mwanzo, N huenda taratibu. Mpiga tofali huipenda R kwa sababu tofali za leo anaweza kuzihamisha mapema na kuachia nafasi nyingine. Kwa lipu, 32.5 inatosha kabisa.

Nigeria mwaka 2014 namba hiyo iligeuzwa silaha ya soko. Dangote ilileta saruji ya 42.5 na kuinadi kwa nguvu, wakati nchi ikibishana kuhusu majengo yanayoanguka. Mwaka huohuo shirika la viwango la nchi hiyo liliamua kwamba 32.5 iishie kwenye lipu, na nguzo, mihimili na sakafu za ghorofa zijengwe kwa 42.5. Kampuni nyingine zilipinga vikali, na sababu inaeleweka, maana jengo halianguki kwa daraja la saruji peke yake: nondo chache, mchanga mchafu na usimamizi mbovu huangusha zaidi. Hata hivyo kampeni ile iliwafundisha wanunuzi kutazama namba. Udhaifu wake ni kwamba mshindani mwenye klinka nzuri na kinu kizuri naye anaweza kusaga 42.5. Namba hukupa miezi ya kutamba, kisha inakuwa ya wote.

Mafuta ya kula yalipata somo lilelile. Serikali zikishaamuru mafuta yatiwe vitamini A, kama ilivyo Kenya na Tanzania, alama ya kirutubisho haimtofautishi yeyote. Tena mafuta yana shida yake: yakiuzwa ya kupima, kutoka kwenye pipa hadi kwenye chupa ya mteja, jina hubaki kwenye pipa. Ndiyo maana pakiti ndogo ya bei ya mfukoni ni jambo zito kwa chapa ya mafuta kuliko tangazo la televisheni.

Kwenye saruji, hatari kubwa zaidi kwa jina la kiwanda ipo kwa fundi, mahali ambapo kiwanda hakina mkono. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli la ujenzi likijazwa vizuri hubeba mchanga wa lita 65 hivi. Mtu akitaka tofali za sehemu moja ya saruji kwa sita za mchanga, mfuko mmoja unahitaji toroli tatu na kidogo. Sasa mpiga tofali anataka idadi. Anatia toroli tano, na uwiano unakuwa moja kwa tisa. Tofali zinatoka nyingi, zinakauka, zinapakiwa kwenye gari, na kona zinaanza kumeguka kabla hazijafika. Mwenye nyumba akiuliza, atajibiwa kwamba saruji ya siku hizi imeharibika. Atatajiwa na jina.

Lipu nayo iko hivyohivyo. Fundi anapiga ukuta saa sita mchana, jua kali, ukuta haukuloweshwa, na baada ya hapo hakuna aliyemwagilia. Wiki ya pili uso mzima una nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Nyufa za namna hiyo husababishwa na uso kukauka haraka kuliko ndani. Mahali pengine ukipitisha kiganja unapata unga: hapo mara nyingi maji yalizidi kwenye mchanganyiko, au ukuta ulinyimwa maji baadaye. Katika hali zote mbili, mfuko uliotoka kiwandani unaweza kuwa salama kabisa. Lakini lawama haipimwi maabara. Inasemwa dukani, mbele ya wateja wengine.

Kwa hiyo naamini shilingi ya kujenga chapa ya saruji izae kwanza kwa fundi. Viwanda vingi hugawa fulana na kofia, na fundi huzipokea kwa furaha. Fulana hupauka. Fundi aliyefundishwa kulowesha ukuta kabla ya lipu, kumwagilia zege kwa siku saba, na kupima mchanga kwa ndoo badala ya kukisia kwa beleshi, kazi yake inakuwa nzuri, naye ataihusisha na saruji aliyokuwa akiitumia alipojifunza. Mafunzo hayo yafanyike saiti, fundi akiwa na mwiko mkononi, kwa sababu ukumbini watu husikiliza na kurudi kwenye mazoea. Bamburi ya Kenya iliwahi kuingiza sokoni saruji ya lipu na kujengea kuta kwa jina la Fundi. Jina hilo lenyewe linaonyesha kampuni ilikuwa inazungumza na nani.

Linabaki swali la ahadi. Tuseme kiwanda kipya kinaanza kuuza pwani na kinataka watu waseme jambo moja tu kukihusu. Ningekishauri kichague ubichi wa saruji, kwa sababu pwani ina unyevu na wanunuzi wana mashaka ya kweli. Saruji hunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya mfuko, na ikikaa ghalani miezi mitatu hupoteza sehemu ya nguvu zake. Mnunuzi makini huminya bonge kwa vidole. Likivunjika na kuwa unga, huenda lilitokana na uzito wa mifuko ya juu. Likigoma, saruji hiyo imekwisha kushika na haifai kwa zege.

Ahadi hiyo ina kazi nyingi nyuma yake. Tarehe ya kufungashwa ichapwe kubwa, mahali panapoonekana mifuko ikiwa imelala kwenye rundo. Maduka yapewe mzigo mdogo kila wiki badala ya mzigo mkubwa kila mwezi. Muuzaji apewe mbao za kuinua mifuko kutoka sakafuni, aelekezwe kuiacha mbali kidogo na ukuta, asipange zaidi ya kumi kwenda juu. Mfuko uliopitisha miezi mitatu urudishwe kiwandani kwa gharama ya kiwanda. Hapa ndipo wahasibu hukunja uso, na hapa ndipo ahadi inapokuwa ngumu kuigwa, kwa sababu mshindani anayetaka kuifuata itabidi abadilishe magari, ratiba na maghala.

Uzito nao ulindwe. Upungufu wa kilo mbili kwa mfuko hauonekani kwa macho, ila kwa mifuko mia moja ni kilo mia mbili, yaani mifuko minne iliyolipiwa na haipo. Mwizi hufanyia kazi kwenye mdomo wa mfuko. Mifuko mingi hujazwa kwa mashine kupitia mdomo mdogo unaojifunga wenyewe kwa shinikizo la saruji, bila uzi. Ukikuta mdomo kama huo umeshonwa kwa mkono, mfuko ulifunguliwa. Kiwanda kinachotaka jina lake lisafiri salama kitafundisha hilo waziwazi, na kitatuma watu wanunue mifuko michache kwa siri kila wilaya na kuiweka kwenye mizani.

Hata ukifanya yote hayo, jina lina mipaka yake. Saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, hivyo nauli huila haraka. Twiga ana faida Dar es Salaam, Simba ana faida Tanga, Tembo yuko kwao Mbeya. Kila mmoja akisogea mbali na kinu chake, bei yake inapanda na jina linabeba mzigo mzito zaidi. Mteja anayeijua saruji yako anaweza kuongeza pesa kidogo kwa kila mfuko. Hataongeza nyingi, maana anayejenga nyumba hununua mifuko kwa makumi na mamia, na anajua kuzidisha.

Kwa hiyo usipime chapa kwa bei uliyoweza kupandisha. Ipime siku lori lako lilipoharibika njiani na duka likakosa mzigo kwa siku mbili. Kaa na muuzaji, umwombe akuhesabie kwenye daftari lake: kati ya waliotaja jina lako, wangapi walichukua saruji nyingine iliyokuwepo, na wangapi waliacha namba ya simu wakasema ikifika wapigiwe. Rudia hesabu hiyo katika maduka kadhaa, karibu na kiwanda na mbali nacho, kila baada ya miezi michache.