Daftari la Bodaboda na Faida ya Wiki

Tuchukue dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam anayepiga picha ukurasa wa daftari lake kila usiku, kabla mvua haijafuta wino. Kwa siku sita, picha zinaonyesha makusanyo ya shilingi 150,000. Mafuta yamekula 42,000, hesabu ya bosi 60,000, oili na pancha 14,000. Mkononi zimebaki 34,000, lakini hiyo bado si faida. Seti ya mnyororo ya 30,000 ikidumu wiki kumi, kila wiki inadaiwa 3,000. Faida ni 31,000. Asipoikata, wiki ya kununua mnyororo itaonekana karibu haina faida. Tenki nalo alijaze pomoni kila mwisho wa wiki, la sivyo mafuta ya wiki hii yatahesabiwa kwenye ijayo.